Vina vya Sikio na Vina vya Jicho: Mhadhara juu ya Fumbo la Maneno Mawili



Kabla sijawaeleza fumbo hili ni la namna gani, nitawapa moja mlishike mkononi. "Kiungo cha mwili kinachokubali kila kiambiwacho, mizani tatu na mbili." Aliyelijua jibu ajizuie kidogo, na asiyelijua asione haya, kwa kuwa muradi wangu jioni hii si kupima werevu wa mtu bali ni kuonyesha kwa nini jibu lake, lililo dhahiri kabisa kwa sikio, humkimbia mtu mwenye kulitafuta kwa jicho. Jibu ni "sikio la ndiyo". Sikio ni mizani tatu, ndiyo ni mizani mbili, na hiyo "la" iliyo katikati haihesabiwi, kwani ni kiungio tu, wala si mojawapo ya maneno mawili yanayotakiwa. Sasa tazameni maandishi: la kwanza limekwisha kwa i na o, la pili limekwisha kwa i, y na o. Mwenye kupekua kamusi akitafuta mwisho ulioandikwa kama mwisho wa "sikio" hatalikuta "ndiyo" hata akikesha. Ilhali mtoto ambaye bado hajaingia darasani, ukimtamkia yote mawili, atakuambia papo hapo kwamba yanaimbana.

Sheria ya mchezo wenyewe ni nyepesi. Mtungaji hutafuta maneno mawili yenye kina kimoja, yanayoweza kuungana yakaleta maana, hata kama maana hiyo ni ya kuchekesha. Kisha huieleza maana ile kwa maneno mengine kabisa, na mfumbuaji hutakiwa kurudi nyuma kutoka kwenye maelezo mpaka kwenye jozi. Waingereza na Waamerika wanao mchezo huu, nao wameupa jina ambalo lenyewe ni jozi ya vina, na jina hilo hurefushwa kwa silabi moja au mbili ili kumjulisha mfumbuaji urefu wa maneno anayoyatafuta. Kwao shida ya maandishi ni kubwa mno, maana lugha yao iliacha zamani kuandikwa kama inavyosemwa. Kiatu cha buluu, mathalan, ni jibu zuri katika Kiingereza, kwa sababu jina la kiatu na jina la rangi hiyo hukoma kwa sauti moja, ijapokuwa la kwanza huandikwa mwishoni kwa o na e, na la pili kwa u na e. Na kinyume chake vilevile: neno lao la kukohoa, neno lao la donge la unga, na neno lao la tawi la mti, yote matatu hukoma kwa herufi zile zile nne, o, u, g na h, wala hakuna mawili kati yake yanayokubaliana kwa sauti. Kwa hiyo mfumbuaji wa Kiingereza hujifunza mapema kuyadharau macho yake.

Sisi tumezoea kujisifu kwamba balaa hiyo haikutufika, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini kama kinavyotamkwa, herufi moja kwa sauti moja. Sifa hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Lakini iko sehemu isiyo ya kweli, na humo ndimo mtungaji wa mafumbo anamovuna.

Yafaa kwanza tukubaliane kina ni nini. Washairi wetu huridhika na silabi ya mwisho, yaani konsonanti pamoja na irabu yake, ikirudiwa ile ile. Na Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliiweka habari ya vina na mizani mahali pake hata leo watunzi wengi humrejea. Kipimo hicho kinalifaa shairi, ambamo mtunzi anahitaji maneno mengi ya kina kimoja toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, lakini kwa fumbo la maneno mawili ni chepesi kupita kiasi. Kwa kipimo hicho "meza" na "wiza" ni jozi, na "kuku" na "kaku" ni jozi, na mtungaji angeweza kutunga mafumbo mia kabla ya chai ya asubuhi, wala lisiwemo hata moja lenye ladha. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti hushikwa na msikilizaji hapo hapo penye mkazo. Basi nashauri kina cha fumbo kihesabiwe tangu irabu yenye mkazo mpaka mwisho wa neno. Kwa kipimo hiki "meza" na "wiza" hazikubaliani tena, bali "meza" na "weza" hukubaliana, na "sikio" hukubaliana na "ndiyo" kwa sababu toka i yenye mkazo mpaka o ya mwisho hakuna tofauti isikikayo. Waingereza huongeza sharti kwamba konsonanti iliyotangulia irabu ya mkazo sharti itofautiane, ama sivyo huona kwamba neno limerudiwa tu. Sisi, tuliolelewa na tenzi, hatuna sababu ya kuogopa jambo hilo, nami sitalitia katika sheria.

Turejee kwenye ile y iliyoandikwa katika neno moja isiandikwe katika la pili. Kinywa cha mwanadamu hakiwezi kutoka kwenye i kwenda kwenye a au o bila ya ulimi kupita mahali panapotamkiwa y, wala hakiwezi kutoka kwenye u kwenda kwenye a bila ya midomo kupita mahali panapotamkiwa w. Ni njiani tu, lakini njia hiyo husikika. Kwa hiyo "njia" husikika kana kwamba imeandikwa "njiya", na "dua" kama "duwa". Na washairi wetu, ambao kwao jambo la kwanza ni kisikiwacho, hawakuona taabu kuandika "duniya" na "hatuwa" kila walipotaka kina chao kionekane machoni pia. Waliotengeneza maandishi sanifu, baada ya Kiunguja kuchaguliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi, na Kamati ya Lugha kuanza kazi yake mwaka 1930, hawakufuata njia hiyo. W na y zikaachwa pale ambapo ni daraja la kinywa tu, zikaandikwa pale ambapo zina asili yake katika neno.

Asili hiyo hujulikanaje? Ligeuze neno uone kama herufi ile itabaki. Chukua mti ule mtamu utafunwao: wengine huuandika "mua", wengine "muwa". Ukiwa mmoja huwezi kuamua kwa sikio, lakini ikiwa mingi tunasema "miwa", na katika "miwa" ile w haiwezi kuwa daraja, kwa maana kutoka i kwenda a daraja lingekuwa y. Basi w ni ya neno lenyewe, na "muwa" ndiyo maandishi yenye hoja zaidi. Kadhalika kitenzi "kuwa": tunasema "iwe", na w imesimama pale pale ingawa irabu iliyotangulia si u tena. "Ndiyo" na "hiyo" zina y kwa sababu y ni ya ngeli, kama ilivyo katika "hayo" na "yale". Lakini "sikio" limetoka katika "sikia", na hapo katikati hapana kitu isipokuwa kinywa kinachopita. Kwa hiyo tunapata maneno ambayo nasaba zake ni mbalimbali, maandishi yake ni mbalimbali, lakini mkia wake ni mmoja: muwa na mvua, kuwa na hatua, hiyo na kilio, ndiye na mie, Mbeya na Songea.

Hapa pana mpaka ambao mtungaji asipouangalia ataharibikiwa. Daraja la i na e ni y peke yake, na daraja la u na o ni w peke yake. Ukiikuta w baada ya i, hiyo ni konsonanti kamili, nayo husikika wazi: "kulia" na "kuliwa" hazina kina kimoja, ingawa kwa jicho zinatofautiana kwa herufi moja tu kama "sikio" na "ndiyo" zinavyotofautiana. Vivyo hivyo "pokea" na "pokewa". Na baada ya a hakuna daraja lolote, maana kutoka a kwenda a kinywa hakihami. "Kaa" haiwezi kufanywa mwenzi wa "kawa", wala "bidhaa" wa "hidaya". Fauka ya hayo, daraja husikika kwa nguvu zaidi baada ya i na u kuliko baada ya e na o. Jozi kama "Mbeya" na "tembea" huwapita watu wengi bila swali, lakini mara moja moja utamkuta mwenye sikio kali atakayesema kwamba katika "tembea" y yake ni nyembamba kuliko ile ya "Mbeya", wala hutaweza kumwambia kwamba amekosa. Mimi huikubali jozi hiyo, ila siioni kuwa ya kumpa mtu asiyeuzoea mchezo.

Basi mtungaji atajuaje kwamba jozi yake ni ya kweli? Kosa la kawaida ni kuyatamka maneno polepole, silabi kwa silabi, kama mwalimu anayewafundisha watoto kusoma; maana ukifanya hivyo, kinywa hutii kalamu, ukasema "si-ki-o" kwa kukata kila kipande, na tofauti isiyokuwapo ikazaliwa. Njia iliyo bora ni kuyatia maneno katika sentensi ya kawaida, ukaisema kwa mwendo wa mazungumzo, na mtu mwingine akaandika akisikiacho kama imla. Mpe, kwa mfano, maneno asiyoyajua yenye mikia hiyo, majina ya kubuni ya watu au vijiji. Akiandika "Mkuwa" mara moja na "Mkua" mara nyingine, naye ni yule yule na umetamka vile vile, una yakini kwamba sikio halitofautishi. Majina ya watu wetu hutoa ushahidi huu kila siku bila ya kuombwa: Safia na Safiya, Zakia na Zakiya, mmoja kaandikwa hivi kwenye cheti na dada yake kaandikwa vile, wala hakuna anayewaita kwa sauti mbili.

Mpaka sasa nimesema juu ya herufi za Kilatini; lakini Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hizo, na Chuo cha Herekali, chenye tarehe ya mwaka 1728, na utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, vyote viliandikwa kwa hati hiyo. Katika hati ile suala letu lina upana mwingine kabisa. Waarabu wana dhali, wana dhadi na wana dhaa, herufi tatu za sauti tatu. Mswahili aliyapokea maneno yao akazitamka zote tatu kwa sauti moja, ile tunayoiandika leo kwa d na h. Hata hivyo mwandishi aliyesoma chuoni, alipoliandika neno lenye asili ya Kiarabu, aghalabu aliliandika kama alivyolijua katika Kiarabu chake. "Kadhi" aliliandika kwa dhadi. "Hadhi" aliliandika kwa dhaa. Sasa mtungieni mtu fumbo hili: "Heshima apewayo hakimu wa sharia, mizani mbili na mbili." Jibu ni "hadhi ya kadhi". Kwa msomaji wa Kilatini ni kina cha jicho na cha sikio pamoja, wala hakuna cha kumtatiza. Kwa msomaji wa hati ya Kiarabu ni kina cha sikio peke yake, kwa kuwa herufi iliyo moyoni mwa neno si moja.

Tena chukueni "hati" na "bahati". La kwanza katika Kiarabu lina ta nzito, la pili lina ta nyepesi. Mswahili hakuichukua tofauti hiyo kinywani, basi kwake "hati ya bahati" ni jozi safi, ambayo mtu angeweza kuifumba kwa kusema: "Waraka wa nyumba alioupata mtu kwa nasibu; mizani mbili na tatu." Na hapa yafaa niseme jambo ambalo kwangu mimi ndilo la ajabu kuliko yote katika mlango huu, nalo ni kwamba washairi wa zamani, ambao karatasi yao iliwaonyesha herufi mbili tofauti, hawakuona vibaya kuzitia herufi hizo katika kina kimoja, wakati kwa Waarabu wenyewe, katika sheria za mashairi yao, kina hushikamana na herufi ya mwisho, na dhadi haiwi dhaa. Mshairi wa Kiswahili alikuwa na kanuni za watu wawili mbele yake, akaichagua ile ya kinywa chake.

Hati hiyo hiyo ina mtego wa kinyume, ambao mwenye kutafuta mafumbo katika maandiko ya kale sharti auogope. Alama za irabu zilikuwa tatu tu: fataha kwa a, kasra kwa i na e pamoja, na dhumma kwa u na o pamoja. Kwa hiyo "mbili" na "mbele" zilipata mkia mmoja karatasini, na "kuti" na "goti" vilevile, na jicho likaapa kwamba ni vina ilhali sikio linakana. Si hivyo tu. Waandishi wengi hawakuiandika n wala m iliyo mbele ya konsonanti, basi "kamba" ingeweza kusimama mbele yako imevaa kama "kaba". Baadaye walitokea waandishi waliobuni alama za kuipambanua e na i, na o na u, lakini anayeshika mswada wa zamani hana budi kulisoma kila neno kwa sauti, alijue kwa maana yake kwanza, ndipo aseme lina kina gani.

Na sisi wa herufi za Kilatini tusidhani kwamba mtego huo hautuhusu. Liko neno "barabara" la njia kuu, lenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na liko "barabara" la kusema kwamba jambo limefanywa sawasawa, lenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwanzo. Herufi zote nane ni zile zile. Mtu akitunga, "Njia kuu iliyotengenezwa vizuri," akitaka jibu la "barabara barabara", atakuwa amecheza na jicho vizuri sana, lakini kwa kipimo tulichokiweka hajatunga fumbo la vina: kina cha la kwanza ni "-ara", na cha la pili, kwa kuwa mkazo umeshikwa mapema, ni "-abara". Mnaweza kucheka nalo. Msilitie katika mashindano.

Sasa tutunge fumbo moja pamoja, toka mwanzo mpaka mwisho, ili ionekane kazi inavyokwenda. Kamusi hapa ni msaidizi dhaifu, kwa kuwa imepangwa kwa mwanzo wa maneno na sisi tunatafuta mwisho. Kwa hiyo twende kwa kinywa. Tuuchague mkia wa "-ua". Tunapitisha konsonanti moja moja mbele yake, kwa taratibu, bila ya kuziacha zile za pamoja kama ch, sh, mb, nd na mv, nasi tunaokota kila kitokeacho: bua, chua, dua, fua, jua, mvua, pua, tua, ua, vua, zua. Hiyo ni safu ya kwanza, ya maneno yanayokubaliana kwa jicho na kwa sikio. Kisha, na hapa ndipo wengi husahau, tunaubadili mkia kwa maandishi yake ya pili, "-uwa", tunapitisha konsonanti upya: huwa, kuwa, muwa. Safu ya pili ni fupi, kama itakavyokuwa karibu kila mara, lakini ndiyo yenye tunu, maana neno lililotoka humo mfumbuaji hatalifikia kwa kulifuata jicho lake.

Baada ya hapo tunaziweka safu mbili ubavu kwa ubavu, tukatafuta jozi inayoleta maana. "Huwa" na "kuwa" ni vitenzi vikavu, havina sura akilini; "muwa" una sura, una ladha, una mahali pake sokoni. Muwa wa nini? Muwa wa pua, hapana. Muwa wa dua, labda kwa mtu wa dhihaka. Muwa wa mvua: hapo pana maana, kwa sababu muwa unaweza kuoteshwa kwa mvua au kwa maji ya mfereji, na wakulima hupambanua. Jozi tumeipata.

Imebaki kuifumba, na hii ni nusu ya pili ya kazi, wala si ndogo. Fumbo la kwanza lijalo ulimini ni, "Mmea mtamu wa masika." Tulipime. Mfumbuaji atafikiri nanasi, atafikiri embe, atafikiri tikiti, na kila moja lina haki yake; fumbo lililo na njia nyingi za kuingilia halimfikishi mtu popote. Tena "masika" ni majira, na mvua si majira. Tubadili: "Kijiti cha sukari kilichonyweshwa na mawingu." Sasa kijiti kimefunga mlango wa matunda, na mawingu yamefunga mlango wa mfereji. Hakuna neno katika fumbo lenye shina moja na jibu, na ingekuwa kosa kuandika "kilichonyeshewa", kwa kuwa neno hilo humnong'oneza mtu "mvua" sikioni kabla hajaanza kufikiri. Mwisho tunaongeza hesabu ya mizani: mbili na mbili. Waingereza hupenda maneno yote mawili yawe na silabi sawa, na jozi hii imelitimiza hilo, lakini kwetu sharti hilo lingeua jozi nyingi nzuri, kama ile ya "sikio la ndiyo", yenye mizani tatu na mbili. Na tahadharini na mvua na Mbeya: m ya hapo haisimami peke yake, basi kila moja ni mizani mbili, si tatu. Anayekosea hesabu hii humpeleka mfumbuaji porini akiwa na dira mbovu.

Jambo la mwisho linaloleta ugomvi ni sikio la nani tunalolifuata. Wako wasemaji, hasa wa bara, ambao dh kwao ni z, na th kwao ni s. Kwao "kazi ya kadhi" ni jozi isiyo na dosari, na kwa mtu wa Unguja au Lamu si jozi hata kidogo. Kadhalika gh: kwa mmoja "lugha" hukubaliana na "fuga", kwa mwingine hapana. Wako watakaosema kwamba tuwafuate wenyeji wa pwani na mambo yakaisha. Mimi sikubaliani nao kikamilifu, kwa kuwa fumbo hutungiwa watu walio mbele yako, nawe ukiwa Tabora au Bukavu huna haki ya kumwambia mtu kwamba sikio lake mwenyewe limemdanganya. Lakini mtungaji anayewaandikia wasomaji asiowajua, wa kila mahali, na aepuke jozi ambazo ukweli wake hutegemea kuunganisha dh na z. Na achague zile za daraja la w na y, ambazo hukubaliwa na Mswahili wa Mombasa na wa Bujumbura pasipo mjadala, na zile za dhadi na dhaa, ambazo hakuna Mswahili anayezipambanua ila akiwa anasoma Kurani.

Nawaachia mafumbo manne, nami majibu yake sitayasema. La kwanza: "Nafsi yangu, wala si mtu mwingine, mizani mbili na mbili." La pili, ambalo mwenye kuijua hati ya Kiarabu atalifurahia zaidi: "Ugonjwa wa kupenda cheo, mizani tatu na mbili." La tatu, ambalo ndani yake mna sini na sadi: "Rangi ya usiku iliyotengwa kwa kazi moja tu, mizani tatu na nne." Na la nne kwa wale wasiotaka kulala mapema: "Fanya mji ule wa baridi, ulio chini ya mlima Loleza, uwe ada yako, mizani tatu na mbili."